Nimelipa miezi 24 kati ya 36, benki wanasema bado nadaiwa milioni 4 na ushee. Nisaidieni kuisoma hii hesabu

MwalimuWaKahama

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nilikopa benki (jina naliacha) milioni 10 kwa miezi 36, riba asilimia 18 kwa mwaka, rejesho 361,524 kila mwezi linakatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Nimeshakatwa mara 24, sijawahi kuruka hata mwezi mmoja.

Sasa nimeuza kiwanja, nikasema ngoja nimalizane na hawa watu nipumue, mwanangu anaingia chuo mwakani na mshahara mzima nauhitaji. Kichwani nilikuwa na hesabu yangu rahisi tu, milioni 10 gawa kwa 36 ni kama 277,778 kwa mwezi, imebaki miezi 12 kwa hiyo nadaiwa 3,333,333 basi. Nimeenda tawini leo, yule dada wa mikopo kabonyeza kompyuta yake kanipa kikaratasi kimeandikwa 4,079,127. Nikamuuliza mbona hivyo akasema ndo sistimu inavyosoma, halafu akaniambia kwa nini usichukue topapu tu badala ya kumaliza.

Tofauti ni 745,794, hiyo ni karibu marejesho mawili. Mkataba ninao kurasa 14 za Kiingereza, nilisaini siku ile na haraka zangu. Nimeibiwa au ni mimi sielewi?

MzeeKifimbo

Pole sana mwalimu. Hiyo ni flati, wamekupiga. Benki zote ziko hivyo, wanakula riba yote miaka ya kwanza, wewe unadhani unalipa deni kumbe unalipa riba tupu, deni lenyewe unaanza kuligusa mwishoni. Mimi nilistaafu 2016 nikiwa naijua hiyo michezo yao. Usilipe, nenda kwa mwanasheria.

Hesabu_Kavu

Shikamoo mzee Kifimbo. Naomba nitofautiane na wewe kidogo, kwa heshima, maana mwalimu akienda kwa mwanasheria na hoja ya flati atapoteza hela ya mwanasheria pia.

Mwalimu, kujua kama ni flati huhitaji hata kufungua mkataba, rejesho lenyewe linakwambia. Ingekuwa flati wangechukua asilimia 18 ya milioni 10 yote, ambayo ni 1,800,000, mara miaka 3 inakuwa 5,400,000, wanajumlisha kwenye milioni 10 wanagawa kwa 36 na wewe ungekuwa unakatwa 427,778 kila mwezi. Wewe unakatwa 361,524. Kwa hiyo wako kwenye salio linalopungua, riba inapigwa kila mwezi kwenye kile ulichobaki unadaiwa tu. Kama una Eksel au hata ile ya kwenye simu andika hivi uone mwenyewe:

```
=PMT(0.18/12,36,-10000000)
```

Itakuletea 361,524. Hapo hujaibiwa.

Kosa liko kwenye ule mgao wako wa milioni 10 kwa 36. Rejesho lako ni lile lile kila mwezi ila ndani yake kuna vipande viwili, na vipande vinabadilika ukubwa. Mwezi wa kwanza ulikuwa unadaiwa milioni 10 nzima, asilimia 1.5 yake ni 150,000, hiyo ni riba. Kwenye 361,524 ilibaki 211,524 tu ya kupunguza deni. Mwezi wa pili deni ni 9,788,476, riba 146,827, kwenye deni inaingia 214,697. Unaona inavyopanda polepole. Ukifika rejesho la 18, katikati kabisa ya safari, bado unadaiwa karibu 5,666,000, siyo milioni 5. Ndo maana kila mtu akienda kumaliza mapema anahisi kaibiwa.

Kwa wewe baada ya makato 24 salio la deni ni hili:

```
=PV(0.18/12,12,-361524)
```

Inakuja 3,943,325. Sasa kutoka hapo mpaka 4,079,127 kuna 135,802 sijaielewa bado. Umeenda tarehe ngapi, na makato ya mwisho yaliingia lini? Na fungua mkataba tafuta sehemu wanazungumzia kulipa kabla ya muda, huwa iko katikati huko, tuandikie inasemaje.

MzeeKifimbo

Marahaba. Lakini si umesema mwenyewe mwezi wa kwanza 150,000 ni riba? Ndo nilichosema, wanakula riba mwanzoni.

Hesabu_Kavu

Mzee uko sahihi kwamba riba ni nyingi mwanzoni, ila sababu yake ni kwamba mwanzoni ndo anakaa na hela yao nyingi. Siyo kwamba wamechukua mapema riba ya mwaka wa tatu. Mtu akilipa leo, riba ya miezi iliyobaki haidaiwi kabisa, inafutika. Kwenye flati ndo inaweza kuwa kama unavyosema, maana riba yote imeshapangwa siku ya kwanza na mkataba unaweza kusema utaidaiwa hata ukimaliza kesho.

mama_tausi

Naomba niulize na mimi, samahani mwalimu kwa kuingilia uzi wako. Mimi nilikopa kwenye kampuni ndogo ya mikopo milioni 2 kwa miezi 6 riba asilimia 5 kwa mwezi. Nalipa 433,334 kila mwezi. Nilifurahi nikajua asilimia 5 ni ndogo kuliko 18 ya benki. Hiyo ni flati?

Hesabu_Kavu

Dada hiyo ni flati. Asilimia 5 ya milioni 2 ni laki moja, mara 6 ni laki 6, unalipa jumla 2,600,000. Na la pili, 5 yako ni ya mwezi, 18 ya mwalimu ni ya mwaka. Kabla ya kulinganisha lolote zidisha yako mara 12 inakuwa 60, na hapo bado ni flati, ambayo ukiigeuza kwenda salio linalopungua inapanda tena. Hata ile 18 ya mwalimu ingekuwa flati kwa miezi 36 ingekuwa sawa na kama 30 na nusu hivi kwa namna anayolipa sasa. Neno moja tu kwenye mkataba linakuhamisha kutoka 18 kwenda 30.

mama_tausi

Mungu wangu. Na hawakuniambia hata siku moja.

MwalimuWaKahama

Hesabu_Kavu asante sana kaka, nimekaa na mkataba usiku huu na mke wangu tumeupitia. Makato ya mwisho yaliingia siku 9 zilizopita. Kuhusu kulipa kabla ya muda kuna kifungu, naandika kwa Kiswahili changu: mteja anaweza kulipa deni lote kabla ya muda, ila atatozwa asilimia 3 ya salio la deni, pamoja na riba iliyojikusanya mpaka siku ya malipo. Halafu kuna sentensi inaendelea ukurasa wa pili yake sijaisoma vizuri karatasi imefifia, nitaangalia kesho mchana.

Hesabu_Kavu

Basi tumemaliza. Asilimia 3 ya 3,943,325 ni 118,300. Riba ya siku 9, wanachukua salio mara 0.18 mara 9 gawa kwa 365, inakuja 17,502. Jumlisha zote mbili na salio:

3,943,325 + 118,300 + 17,502 = 4,079,127

Imekaa mpaka shilingi ya mwisho. Kwa hiyo yule dada hakukosea, ila alitakiwa akuchambulie. Mtu yeyote anayeenda kumaliza mkopo aombe hiyo barua ya salio la kumalizia ikiwa na mistari mitatu, deni lenyewe, riba ya siku, na faini, kila kimoja peke yake. Ukipewa namba moja tu huwezi kujua umekosewa wapi.

Sasa swali kubwa mwalimu. Ukiacha iendelee, miezi 12 mara 361,524 ni 4,338,288. Ukilipa leo ni 4,079,127. Unaokoa 259,161 tu kwa kutoa milioni 4 mfukoni leo. Sisemi usilipe, kama unataka mshahara wako mzima kwa ajili ya mtoto hiyo ni sababu nzuri tosha, ila usidhani unaokoa riba nyingi. Riba nyingi umeshailipa miezi 24 iliyopita. Angekuwa mtu yuko rejesho la 6 ningemwambia alipe haraka.

KijanaWaIlala

Mi naomba niongee kuhusu topapu maana naona mwalimu kashaanza kuchombezwa. Mimi ni nesi, nimepiga topapu mara mbili na najuta zote. Wanavyofanya ni hivi, unakopa upya milioni 10, wanakata lile deni la zamani hapo hapo, unapewa kinachobaki. Kwa mwalimu angebakiwa na kama milioni 6. Lakini ile ada ya kushughulikia mkopo na bima wanakata kwenye milioni 10 yote siyo kwenye 6 unayoenda nayo nyumbani!! Mimi nilikatwa asilimia 2 ya ada na 1 ya bima, laki 3, kwenye hela niliyoishika mkononi ile ni karibu asilimia 5. Na ada kama hiyo nilikuwa nimeshailipa mkopo wa kwanza, kwa hiyo kwenye lile deni la zamani nimelipa mara mbili. Halafu miezi 36 inaanza upya moja, unarudi kule kwenye rejesho la riba nyingi. Nilianza kukopa 2019 mpaka leo bado nakatwa, mshahara wangu uko kwenye ile theluthi moja tu inayotakiwa ibaki, haishuki hapo kwa sababu sheria inakataa tu.

MwalimuWaKahama

Umenikumbusha kitu dada, hata mimi niliposaini milioni 10 kwenye akaunti iliingia 9,700,000. Asilimia 2 ada, 1 bima. Niliona kawaida tu nikanyamaza.

KijanaWaIlala

Mimi ni mwanaume mwalimu, manesi wanaume tupo wengi hahaha hamna shida.

Hesabu_Kavu

Hiyo 9,700,000 ndo namba ya kweli ya kuangalia. Unalipa riba ya milioni 10 lakini hela uliyoitumia ni 9,700,000. Ukitaka kujua mkopo wako kweli ni asilimia ngapi:

```
=RATE(36,-361524,9700000)*12
```

Inatoa kama asilimia 20.2, siyo 18. Ndo maana mtu akiwa na ofa mbili mkononi, moja 17 na ada kubwa nyingine 18 bila ada, asitazame ile namba ya kwenye tangazo. Aulize vitu viwili tu, nitashika mkononi shilingi ngapi, na nitalipa shilingi ngapi kila mwezi kwa miezi mingapi. Ila hiyo 20.2 ni kama ungeenda mpaka mwisho wa miezi 36. Ukimaliza mapema inapanda juu zaidi, maana zile ada ulishazilipa zote siku ya kwanza na umezitumia muda mfupi, na juu yake unalipa faini.

Na aliyeandikiwa ada kwenye mkataba aangalie kama imeandikwa kodi iko ndani au inaongezwa juu. Nimeona watu wanashtuka hapo.

Bin_Seif_Unguja

Assalam alaykum. Mimi hesabu hizi zote naziona hazinihusu lakini swali la mwalimu ndilo langu. Nilichukua gari kwa murabaha, benki wamenunua wao kisha wakaniuzia kwa bei ya juu, nalipa kidogo kidogo miaka minne. Nimepata pesa nataka kumaliza mwaka wa pili. Wanasema bei ni bei, tulishauziana, nilipe yote iliyobaki. Sasa mbona mwalimu riba ya mbele inafutwa na mimi faida yao haifutwi?

Hesabu_Kavu

Waalaykum salaam kaka. Hapo mkataba wako ni wa mauziano, bei ilifungwa siku ile, kwa hiyo hakuna salio linalopigiwa riba kila mwezi. Benki inaweza kukupunguzia ukilipa mapema, wengine wanaita ibra, lakini mara nyingi ni kwa hiari yao na mara nyingi haiandikwi kama haki yako. Angalia kama mkataba wako umeitaja. Kama haukuitaja waandikie barua uombe, usiongee kwa mdomo tu kaunta.

Bin_Seif_Unguja

Nimeangalia, haujataja popote. Kuna shekhe hapa kaniambia benki ikiahidi kabla hilo nalo lina maneno yake. Nitaandika barua tuone.

MzeeKifimbo

Mwalimu kuna jambo moja hapo vijana hawajakwambia na hili nina uhakika nalo maana lilinikuta. Ukilipa benki leo, mwajiri wako hajui. Makato ya mwezi huu yanaweza kuwa yameshaandaliwa, utashangaa mwisho wa mwezi umekatwa tena 361,524 ya mkopo ambao haupo. Mimi nilikatwa miezi miwili baada ya kumaliza, nikafuatilia kurudishiwa miezi mitano. Usiondoke pale bila barua ya kumaliza mkopo, na uhakikishe wamesimamisha makato kwenye mfumo wa mishahara, mfuate na afisa utumishi wako umpe nakala.

Hesabu_Kavu

Hili mzee umesema kweli kabisa, na ni la muhimu kuliko hesabu zangu. Na kama kulikuwa na dhamana yoyote, hati au kadi ya gari, barua iseme wameirudisha.

MwalimuWaKahama

Wakuu nimerudi. Nimeupeleka ule ukurasa uliofifia dirishani kwenye mwanga nimeusoma. Sentensi inayoendelea inasema ile asilimia 3 haitatozwa iwapo mteja atatoa notisi ya maandishi ya siku 30 na malipo hayatokani na mkopo wa benki nyingine!!! Dada wa tawini hakulisema hili hata kidogo. Hela yangu ni ya kiwanja, mkataba wa mauziano ninao. Sasa nikitoa notisi si nitakatwa tena rejesho hapo katikati, itakuwa nimepata au nimekosa?

Hesabu_Kavu

Safi sana!! Hapo umepata. Tupige taratibu.

Ukitoa notisi leo, siku ya 30 inaangukia siku 9 baada ya makato ya 25. Makato yale yatakupunguzia deni, riba ni 59,150 na 302,374 inaingia kwenye deni, linabaki 3,640,951. Juu yake riba ya siku 9, kama 16,160. Faini hakuna. Kwa hiyo jumla utakayokuwa umetoa, rejesho moja 361,524 na ile ya kumalizia 3,657,111, ni 4,018,635. Ukilinganisha na 4,079,127 ya leo unabakiwa na 60,492, na hela ya kiwanja inakaa kwako mwezi mzima.

Ila notisi iende kwa barua nakala mbili, wagonge muhuri wa kupokea na tarehe kwenye nakala yako. Notisi ya kusema kwa mdomo haipo. Na siku ya 30 ikifika nenda na hela siku hiyo hiyo, kila siku ukichelewa ni karibu 1,800 ya riba.

mama_tausi

Je wakikataa wakisema kifungu hicho hawakijui?

Hesabu_Kavu

Anaandika malalamiko kwa benki yenyewe kwanza, anasubiri jibu kwa maandishi. Isipotatuliwa Benki Kuu wana dawati la malalamiko ya wateja wa mabenki, na kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zipo tangu 2019. Ila ukienda Benki Kuu bila kupita benki yako watakurudisha.

KijanaWaIlala

Swali langu la mwisho, ile bima ya laki moja mwalimu alilipia miezi 36. Akimaliza ikiwa imebaki miezi 11 si arudishiwe ya miezi hiyo? Ni kama elfu 30 hivi.

Hesabu_Kavu

Hapo sina jibu moja. Nimeona mkataba mmoja wa bima ya mkopo unarudisha sehemu iliyobaki ukiomba, na mwingine umeandikwa wazi hairudishwi. Mkataba wa bima ni karatasi nyingine tofauti na mkataba wa mkopo na watu wengi hawapewi nakala. Mwalimu aiombe, ni haki yake kuiona, amelipia.

MzeeKifimbo

Hawarudishi hao. Nakwambia.

MwalimuWaKahama

Nimetoka tawini sasa hivi. Notisi imepokelewa imegongwa muhuri, nakala ninayo mkononi. Yule dada alienda kumuuliza meneja kuhusu kile kifungu, meneja kakisoma kakubali mbele yangu. Nakala ya bima wamesema iko makao makuu nirudi Alhamisi. Barua ya afisa utumishi naiandika leo usiku. Nitaleta mrejesho siku ya 30, na wa bima pia.

Bin_Seif_Unguja

Inshallah. Mimi barua yangu nimepeleka jana, sijajibiwa.